Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Nani ana kura siku tukishindwa kulipa?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Hazina ya Taifa,
Nairobi.

KUH: WADAI SUGU NA KIFUNGU KINACHOKOSEKANA KATIKA MIKOPO YA MABENKI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu, na pongezi pia, kwa kuwa ndio msimu wake. Oktoba 2025 nchi ilikwenda tena katika soko la nje ikarudi na dola bilioni 1.5 za hatifungani mpya. Tukatangaziwa riba, tukatangaziwa miaka, tukaelezwa jinsi wawekezaji walivyozigombania. Sikusikia mtu akiuliza swali ambalo mwanasheria yeyote wa madeni huuliza kabla ya kufika kwenye riba: siku mambo yakiharibika, ni wangapi wanaotakiwa kukubali masharti yabadilishwe, na ni wangapi wanaoweza kukataa wakawafunga mikono wengine wote?

Najua jibu ninalosubiriwa kupewa. Dawa ya deni ni kulipa, na Kenya hulipa. Sawa. Lakini tumewahi kupewa ahadi. Novemba 2023 Bunge liliambiwa kwamba Desemba ile tungeanza kulipa dola milioni 300 za ile hatifungani ya 2014. Desemba ikaja, ikalipwa riba yake ya kawaida, na zile milioni 300 zikabaki kwenye hotuba. Februari 2024 tukakopa bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kuondoa deni lililokuwa na riba ya asilimia 6.875. Tulivuka, na sikatai kwamba tulivuka. Zambia nayo ilikuwa ikilipa, mpaka Oktoba 2020 iliposhindwa kutoa dola milioni 42.5 za riba ya nusu mwaka. Ilichukua hadi Juni 2024 kuzipanga upya hatifungani zake za dola bilioni 3. Sisemi yatatukuta. Nasema masharti ya siku hiyo huandikwa leo, siku ya kukopa, mkopaji akiwa bado ana sauti.

Niruhusu nieleze jambo lenyewe, maana barua hii itasomwa pia na wanaolipa deni bila kujua wanadaiwa nini.

Kampuni ya kawaida ikishindwa kulipa, iko mahakama ya ufilisi. Hakimu huwakusanya wadai wote, wengi wakikubali mpango basi wachache hufungwa nao. Nchi haina mahakama hiyo popote duniani. Kinachobaki ni mkataba wenyewe. Kama mkataba unasema kila mdai lazima akubali mwenyewe kupunguziwa, basi kila mdai ana turufu. Wengi watakubali kupokea senti 60 kwa kila dola ili jambo liishe. Mmoja atakaa pembeni, asubiri nchi ipate nafuu kutokana na msamaha wa wenzake, kisha aende mahakamani kudai dola nzima na riba juu. Sisi tumezoea kusikia habari za wadeni sugu. Huyu ni mdai sugu, na mara nyingi wala hakuikopesha nchi chochote: alinunua karatasi ile ya deni kwa bei ya kutupa baada ya nchi kuanguka.

Argentina ndiyo iliyofundishwa somo hili kwa ada kubwa. Ilishindwa kulipa mwishoni mwa 2001. Hatifungani zake za sheria ya Niuyoki ziliandikwa kwa mtindo wa zamani wa mji ule, usioruhusu wengi kuwafunga wachache katika mambo ya malipo. Mwaka 2005 wadai wenye takriban asilimia 76 ya deni walikubali kubadilisha karatasi zao kwa nyingine zenye thamani ndogo. Mwaka 2010 mlango ukafunguliwa tena na waliokubali wakafika karibu asilimia 93. Ungedhani mambo yamekwisha. Hiyo asilimia 7 iliyobaki ndiyo iliyoiendesha Argentina miaka mingine sita. Oktoba 2012 waliikamatisha meli ya mafunzo ya jeshi lake la majini, Libertadi, katika bandari ya Tema nchini Ghana. Ilikaa pale mpaka mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari ilipoamuru Desemba iachiwe.

Meli ilikuwa kelele tu. Pigo lenyewe lilitoka kwenye sentensi moja ya mkataba, ile ambayo wanasheria huiita paripasu, kwamba deni hili litasimama sawa na madeni mengine ya nje. Kwa miaka mingi kila mtu aliinakili bila kuifikiria sana. Wadai sugu wakamwambia Jaji Thomas Griesa wa Niuyoki kwamba kusimama sawa maana yake ni kulipwa sawa: ukimlipa riba yule aliyekubali punguzo, siku hiyohiyo nilipe mimi deni langu lote. Jaji akakubali, na akazuia mabenki yanayopitisha malipo yasiwafikishie waliokubali chochote mpaka waliogoma walipwe. Juni 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa. Mwisho wa Julai Argentina ikahesabiwa tena kuwa imeshindwa kulipa, hali fedha za wadai wake zilikuwa zimeshatumwa. Mwaka 2016 ikasalimu amri, ikakubali kuyalipa makundi makubwa manne ya wagomaji takriban dola bilioni 4.65.

Soko lenyewe lilikuwa limeshaiogopa hukumu ile. Agosti 2014 chama cha kimataifa cha masoko ya mitaji kilitoa vifungu vya mfano vya uamuzi wa pamoja, na sentensi ya paripasu ikaandikwa upya ili iseme wazi kwamba kusimama sawa si kulipwa kwa wakati mmoja. Hapa ndipo hesabu ya Kenya inapoanzia, Mheshimiwa, na ningeomba Hazina iikague.

Vifungu hivyo vina njia tatu za kupiga kura. Ya kwanza ni ya zamani: kila hatifungani inapiga kura peke yake, na asilimia 75 ya wenye hatifungani hiyo wakikubali, wote wanafungwa. Ya pili inachanganya hatifungani kadhaa pamoja, lakini inadai theluthi mbili ya jumla yote na zaidi ya nusu ndani ya kila moja. Ya tatu ni sanduku moja tu la kura: asilimia 75 ya jumla ya zote wakikubali, yamekwisha, hata kama kuna hatifungani moja ambayo wenyewe wote wamekataa. Sharti la njia hii ya tatu ni kwamba wadai wote wapewe kitu kilekile, au wachague kutoka orodha ileile ya mbadala. Huwezi kuwahonga wakubwa kwa masharti matamu, kisha ukazitumia kura zao kuwanyonga wadogo.

Hatifungani yetu ya 2014 ilitolewa Juni, miezi miwili kabla ya vifungu hivyo. Kura yake ilikuwa ya peke yake. Februari 2024 Hazina ilinunua mapema takriban dola bilioni 1.44 kati ya bilioni 2, na salio la kama milioni 560 likabaki kungoja Juni. Tulishangilia kwamba deni limepungua, na kweli lilipungua. Ila tazama kilichotokea kwenye kura. Ili kuizuia asilimia 75, mgomaji anahitaji kidogo tu zaidi ya robo. Robo ya bilioni 2 ni milioni 500. Robo ya milioni 560 ni milioni 140. Tuseme tungekwama Aprili, bei sokoni ikaanguka hadi senti 50 kwa dola, na wenye hatifungani wote wakahudhuria mkutano. Kwa dola milioni 70 hivi mfuko mmoja wa uwekezaji ungeishika hatifungani nzima mateka. Wasipohudhuria wote, na huwa hawahudhurii wote, ungehitaji hata pungufu ya hapo, kwa kuwa mikataba ya mtindo huo huhesabu kura za waliofika.

Sasa linganisha. Mwezi huohuo Kenya ilikuwa na hatifungani nyingine za kimataifa: mbili za 2018, mbili za 2019, moja ya 2021 na ile mpya ya 2024, jumla dola bilioni 6.6. Tukichukulia kwamba zote zina vifungu vya mfano, kama ilivyo desturi ya soko tangu 2014, zingeweza kutiwa katika sanduku moja. Robo ya bilioni 6.6 ni bilioni 1.65. Kwa bei ileile ya senti 50, mgomaji angehitaji dola milioni 825. Nchi ni ileile, mwezi ni uleule, mdai ni yuleyule. Tofauti ya milioni 70 na milioni 825 ni aya chache za mkataba ambazo hakuna aliyezitaja kwenye mkutano na wanahabari.

Na kila ununuzi wa mapema huacha mkia wa namna hiyo. Hazina imekuwa ikinunua mikia na kuacha mikia, na kazi hiyo ina faida zake. Lakini mkia wa hatifungani ya zamani ndio mahali tumbusi hutua kwanza. Ugiriki wanajua. Machi 2012 walipopanga upya deni lao, zile za sheria ya Kigiriki walizimaliza kwa kutunga sheria bungeni iliyoingiza kura ya pamoja baada ya tukio. Zile za sheria ya Kiingereza, nyingi zikiwa ndogondogo na kila moja na kura yake, wagomaji walikusanya kura za kutosha kuzizuia. Mei 2012 ilipofika tarehe ya kulipa mojawapo, serikali iliyokuwa ikikata pensheni za wazee wake ikatoa takriban euro milioni 435 kwa waliogoma, bila kukata hata senti. Hatifungani zetu za nje ziko chini ya sheria ya Kiingereza pia. Bunge letu halina uwezo wa kuzigusa.

Nitakuwa mkweli upande huu vilevile: kura ya pamoja si kinga kamili, na mkopaji naye anaweza kuitumia kwa hila. Mwaka 2020 Argentina, ikirudi kwa mara nyingine na deni la dola bilioni 65, ilitaka haki ya kupiga kura kwanza na hatifungani zote, kisha kuzitoa zile zilizokataa na kuhesabu upya zilizobaki ili ipate ushindi. Wadai wakakasirika, mazungumzo yakakwama, na Argentina ikalazimika kuweka mipaka kwa maandishi ndipo asilimia 99 ya deni ikapangwa upya Agosti ile. Na mahakama ya London imeshasema, katika kesi ya 2012 ya benki moja ya Ailandi, kwamba wengi hawawezi kutumia kura yao kuwafuta wachache kwa nia ya kuwatisha. Kwa hiyo sikuombi silaha. Naomba utaratibu.

Sasa nafika kwenye linaloniudhi, na utaniwia radhi kama sauti itapanda.

Yote niliyoyaeleza yanahusu hatifungani. Kenya imekopa pia mikopo ya pamoja ya mabenki, ile ya sindiketi, ambako mabenki kadhaa huchanga mkopo mmoja chini ya wakala mmoja. Huko vifungu vya 2014 havifiki. Mkataba wa kawaida wa London wa mikopo hiyo unasema kwamba mambo madogo huamuliwa na mabenki yenye theluthi mbili ya mkopo, lakini kubadilisha tarehe ya malipo, kupunguza riba au kupunguza deni lenyewe kunahitaji kila benki. Kila benki, Mheshimiwa. Yaani katika 2025 bado tunakubali kwenye mikopo ya mabenki kanuni ileile iliyoiangusha Argentina kwenye hatifungani.

Fanya hesabu ya mkopo wa kufikirika wa dola milioni 700 wenye mabenki kumi. Tisa wanakubali kuongeza miaka mitano. Ya kumi, yenye asilimia 2 tu, imechoka na inataka kuondoka. Inauza kipande chake cha milioni 14 kwa nusu bei, milioni 7, kwa mfuko ambao kazi yake ni kushtaki. Mpango wa milioni 700 umesimama kwa sababu ya milioni 7. Utaniambia kwamba mkataba unampa mkopaji haki ya kukataa mnunuzi asiyempenda. Ndiyo, mara nyingi unampa. Sasa soma mstari unaofuata: haki hiyo kwa kawaida hukoma pale mkopaji anapokuwa ameshindwa kulipa. Ni mwavuli unaofungwa mvua inapoanza.

Utaniambia pia kwamba mabenki hugawana: atakayelipwa zaidi ya wenzake lazima agawe. Kweli, kifungu hicho kipo. Na kina mlango wa nyuma. Mdai aliyewaarifu wenzake kwamba anakwenda mahakamani, nao wakaweza kuungana naye wasiungane, anachokipata mahakamani ni chake. Kifungu cha kugawana kinawafunga wapole na kumwacha huru yule hasa tunayemwogopa.

Dawa ya hili si siri wala haihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Novemba 2022 kikundi cha wataalamu wa sekta binafsi kilichoitishwa na Hazina ya Uingereza kilitoa kifungu cha mfano cha kura ya wengi kwa mikopo ya mabenki kwa nchi. Kinafanya kwa mkopo kile ambacho cha 2014 kilifanya kwa hatifungani: asilimia iliyokubaliwa ya mabenki ikisema ndiyo kuhusu tarehe na kiasi, wote wanafungwa. Kimeandikwa tayari. Kinachotakiwa ni mwanasheria wetu akibandike kwenye rasimu, na afisa wetu asikiondoe usiku wa mwisho pale wakala atakaposema kinachelewesha fedha.

Wapo watakaosema Uingereza ina sheria ya kutulinda. Ninaijua, ya 2010. Ilitungwa baada ya aibu ya Zambia: deni la matrekta ya Romania la 1979, lenye thamani ya dola milioni 30 hivi, liliuzwa 1999 kwa kampuni ya Donegali kwa takriban milioni 3.3. Kampuni hiyo ikadai milioni 55 mbele ya mahakama ya London, na 2007 ikapewa kama milioni 15. Sheria ile inahusu madeni ya nchi zilizokuwa kwenye mpango wa msamaha wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na ni madeni yaliyokopwa kabla yake. Kenya haikuwa kwenye msamaha huo, na hatifungani yetu ya kwanza ni ya 2014. Kwetu sisi sheria hiyo ni habari tu.

Kwa hiyo naomba nini? Ningeweza kuomba mengi. Kwamba hatifungani zote zijazo ziwe na sanduku moja la kura. Kwamba ziwe chini ya mdhamini anayeshtaki kwa niaba ya wote na kugawa anachopata, badala ya wakala wa malipo anayemwachia kila mmoja njia yake ya mahakamani. Kwamba ripoti ya mwaka ya deni la umma iwe na jedwali la kurasa mbili tu, mkopo mmoja mstari mmoja: sheria ya nchi gani, kura asilimia ngapi, nani anaweza kushtaki, mkopaji anaweza kumkataa mnunuzi hadi lini. Waraka wa hatifungani una kurasa mamia za Kiingereza cha mawakili, na mwenye kulipa ni mama mboga wa Gikomba kupitia ushuru wa mafuta ya taa. Hata jedwali hilo ningelishukuru.

Lakini kwa kuwa nimejifunza kwamba ukiomba kumi unaahidiwa kumi na kupewa sifuri, naomba moja. Mkopo ujao wa mabenki, usitie saini kama kubadilisha tarehe ya malipo kunahitaji kila benki. Uwe mkubwa au mdogo. Uwe wa kuziba pengo la bajeti au wa kulipa mkopo mwingine. Yaliyokwisha kusainiwa, yarekebishwe siku mabenki yatakapokuja kuomba tarehe zisogezwe au riba iangaliwe upya, maana siku hiyo nao wana shida nasi. Waambie kifungu cha 2022 kimo, au saini haimo. Wakiuliza riba itapanda kiasi gani, wakumbushe kwamba hatifungani zenye kura ya wengi zimeuzwa tangu 2014 na wanunuzi hawakukimbia. Wewe mwenyewe uliwatangazia Wakenya jinsi walivyozigombania.

Asilimia ngapi, Mheshimiwa? Swali hilo moja tu, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Wako katika kulipa kodi,

Mlipa kodi, Nairobi.